Duka la kuprinti la Tunguu: watu wamejaa hadi nje, printa imekaa kimya

Nyota mbili, na hata hizo natoa kwa uchungu. Jina la duka silitaji, lakini anayesoma Tunguu atalijua. Ndilo lile ambalo zikifika wiki za kukabidhi ripoti, foleni yake inatoka mlangoni, inapita kibanda cha mishkaki na kukaribia barabara ya daladala. Uprintaji wao ni msafi, herufi nyeusi tii, hazichafuki ukipitisha kidole. Hilo sitawanyima. Lakini walichonifanyia sijakisamehe.

Ripoti yangu ina kurasa 41. Niliiandika kwa laptopu ya dada yangu yenye Word mpya. Maandishi yote ni Times New Roman kama chuo kinavyotaka, na ndani ya majedwali ni Aptos, herufi ambazo Word mpya inakuja nazo. Kompyuta ya duka ni ya zamani, Aptos haina. Word isipopata herufi iliyoagizwa haisemi kitu, inachukua nyingine inayofanana nayo na kuendelea. Hiyo nyingine ikiwa pana kidogo tu, mstari uliotosha unavunjika kuwa miwili, safu ya jedwali inanenepa, na ya chini yake inasukumwa ukurasa wa pili. Ripoti ikatoka kurasa 44. Safu ya "Jumla" imekaa peke yake juu ya karatasi tupu, na kurasa za kwenye yaliyomo hazilingani tena na za ndani.

Kijana wa kompyuta hakuipitisha jicho kabla ya kubonyeza. Nikamwambia, "Kaka, hebu tazama, jedwali limekatika." Hakuinua hata kichwa. "Dada, mie naprinti kilichomo. Watu wanangoja." Nikamwomba afungue tena nimwoneshe. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, "Kwani uko peke yako hapa? Lipa hizo, ukitaka nyengine rudi nyuma." Kurasa 44 kwa shilingi 100, nikatoa 4,400 kwa kitu ambacho mwalimu angenirushia usoni. Nikarudi nyuma kweli, kwa sababu saa ya kukabidhi ilikuwa inakaribia na duka jengine lililo wazi liko mbali.

Hasira ndiyo iliyonifanya nikodoe macho. Mzee mmoja mbele yangu, kaja kutoa kopi za vyeti vya mwanawe, akaniambia, "Mwanangu, mashine yao mbovu." Kila mtu pale alikuwa anailaumu mashine. Mie nikawa naitazama, na kwa muda mwingi ilikuwa haifanyi kitu. Taa ya kijani inawaka, karatasi zimejaa, hakuna kinachotoka.

Nikaanza kuangalia saa ya simu. Msichana mmoja alikuwa na kurasa 30. Printa ile inatoa kama kurasa 20 kwa dakika, kwa hiyo kazi yake ilitoka kwa dakika moja na nusu. Lakini tangu alipofika mezani mpaka akaondoka zilipita dakika sita. Flashi yake iliingizwa, mafaili yote yakaonekana kama njia za mkato, kirusi kile tunachokijua sote, ikabidi kijana ayatafute yaliyofichwa. Kisha "lipi hasa?", kwa sababu kulikuwa na ripoti ya mwisho, ripoti ya mwisho kabisa na ripoti ya mwisho mpya. Kisha wakahesabu kurasa kwa mkono, kisha chenji ikakosekana. Aliyemfuata akafungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya duka na kusahau neno la siri. Kwa mwendo huo meza ile inapitisha watu kumi kwa saa, na ukinunua printa ya pili bado watapita kumi tu, maana kinachokwama ni meza.

Hapo nikaanza kuiona biashara, nikiwa nimesimama juani na kurasa 44 mkononi. Sikuwaza kununua printa. Nilichowaza ni meza ndogo pale nje, laptopu moja na namba moja ya WhatsApp. Mtu anatuma faili akiwa bado bwenini au ndani ya daladala. Mie nalifungua, naligeuza PDF, namrudishia alitazame kwenye simu yake mwenyewe na kumwambia ni kurasa ngapi na shilingi ngapi. Akishakubali na kulipa kwa simu, faili linakwenda kwenye printa na yeye anakuja kuchukua tu. PDF inabeba herufi zake ndani, haiombi herufi za kompyuta ya mtu.

Nikaijaribu hapo hapo kwa ripoti yangu. Nikampigia dada yangu Mwanakwerekwe, akafungua faili kwenye laptopu yake, akabonyeza Save As, akachagua PDF, akanitumia. Zamu yangu ilipofika nikalituma kwenye simu ya duka. Kurasa 41, majedwali mazima, kama dakika mbili za kuprinti na moja ya kulipa. Kijana hakusema neno.

Aliyenisaidia kupiga hesabu ni mdogo wake wa kujaza karatasi, kijana mpole sana, na nyota moja kati ya hizi ni yake. Rimu wanainunua 12,000, karatasi 500, kwa hiyo 24 kila moja. Tona ya kujaziwa wanalipa 30,000. Boksi huandikwa kurasa 1,600, lakini hesabu hiyo ni ya ukurasa wenye wino asilimia 5 tu. Ripoti zina majedwali na picha, wao wanapata kama 1,200, yaani 25 kwa ukurasa. Jumla 49, zinabaki 51 za kodi, umeme na mishahara. Watu kumi wa kurasa 30 wanawaachia 15,300 kwa saa. Wakipita thelathini ni 45,900, na mie nikidai 500 kwa kila kazi napata 15,000 bila kumiliki hata karatasi moja.

Mwisho wake niliuona pia. Watu thelathini ni kurasa 900 kwa saa, na printa ile hata isipopumzika inatoa 1,200. Ikipata moto inapunguza mwendo, na wakati wa masika ni tabu zaidi, rimu iliyoachwa wazi inanyonya unyevu, karatasi zinajikunja na kukwama ndani. Meza ikifunguka, printa ndiyo itakayokwama baadaye. Na muhula ukianza, foleni yenyewe haipo.

Jioni nilimkuta mwenye duka, bi mkubwa mmoja, nikamshitakia kwanza kisha nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu ile 500 nani atailipa, mteja au yeye. Nikamwambia mteja, kwa kutosimama. Akasema wiki za ripoti zinazofuata nije na laptopu, meza atatoa yeye.

Basi andikeni nyota tatu. Mnaokwenda kwa sasa, pelekeni PDF na hesabuni kurasa kabla hamjatoa hela. Ile 4,400 yangu sijarudishiwa, na yule kaka hajaniomba radhi.