Sura ya Ukuzaji Misitu: Kuipanga kwa Mada au kwa Umri wa Shamba

Mwanafunzi wa misitu hapa Nairobi anaweza kuifupisha sura hii kwa mada, yaani upandaji, upogoaji, upunguzaji na uvunaji, au kuipanga kufuatana na umri wa shamba moja la saipresi. Njia ya kwanza ni ya haraka na humfaa anayetafuta fasili, lakini huficha jinsi kosa la hatua moja linavyojitokeza katika hatua inayofuata.

Chukua hekta moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche 1,600. Kwa mpangilio wa umri, upogoaji huandikwa mapema, kwa sababu matawi ya saipresi hukauka bila kuanguka na kuacha mafundo legevu yanayochomoka kwenye mbao. Hatari yake ni kuondoa majani mabichi mengi mno, jambo linalodumaza mti. Kisha huja upunguzaji, yaani kukata baadhi ya miti, ambao huipa miti iliyobaki mwanga na maji. Ukicheleweshwa, vilele husinyaa na mashina hubaki membamba, na ukifanywa ghafla kwa wingi baada ya hapo, upepo huiangusha miti hiyo. Dalili huonekana kwenye kisiki: pete za nje zimebanana.

Uvunaji ndio pekee ambao ningeuandika kwa mada, kwa kuwa mteremko na udongo huamua mengi kuliko umri.