Orodha ya maneno ya Kichina: mifano safi, matamshi ya kutia hasira

Nisiwaonee hawa watengenezaji wa orodha za maneno, faili lilikuja kwa wakati. Unawatumia sauti ya mihadhara pamoja na slaidi za mwalimu, wao wanakurudishia maneno yaliyopangwa kwa mada, kila moja na matamshi yake na mfano. Mada ya sokoni ndiyo iliyonipandisha mori.

Mstari mmoja umeandikwa "mai: nunua". Unaofuata, "mài: uza". Safu ya matamshi, iliyoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, inasema "mai" kotekote. Sasa anayejifunza atamwambia mwenye duka kwamba ananunua au anauza? Kununua ni mǎi, toni ya tatu: sauti inashuka na kukaa chini, na hupanda kidogo mwishoni neno likitamkwa peke yake. Kuuza ni mài, toni ya nne: inaanza juu na kuporomoka mara moja. Konsonanti ni ileile, vokali ni zilezile, kilichobaki cha kutofautisha ni toni tu.

Nikawaandikia kwa adabu. Jibu likaja: "Kaka, hizo alama ni mapambo tu, Wachina watakuelewa." Mapambo! Mtu anayelipwa kuandika matamshi!

Tena kosa lenyewe linajieleza ukipitia faili zima. Alama za toni ya pili na ya nne zimebaki, za ya kwanza na ya tatu zimetoweka. Herufi á na à zimo katika usimbaji, yaani mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, wa zamani wa Windows wa lugha za Ulaya Magharibi, ā na ǎ hazimo. Jedwali likihifadhiwa kama CSV ya kawaida, hizo mbili hugeuka a tupu au alama ya kuuliza. Dawa ni kuchagua `CSV UTF-8` wakati wa kuhifadhi, au kuandika toni kwa namba: `mai3`, `mai4`. Na si kwamba msomaji anakosa habari tu. Silabi isiyo na alama ina maana yake katika pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini: ni toni hafifu, kama silabi ya pili ya dōngxi, yaani vitu. Kwa hiyo "mai" tupu inamfundisha jambo la uongo.

Safu ile ya tahajia ya Kiswahili ningeifuta yote. Wamesema b ya pinyin ni b yetu. Siyo. Iko karibu zaidi na p isiyo na pumzi, na p ya pinyin ni p yenye pumzi. Mtu wa Mombasa au Lamu anayetenganisha paa la nyumba na paa wa porini anazo zote mbili mdomoni tayari. Maelezo ya mstari mmoja yangemtosha. Halafu kanuni ya bù, neno la kukanusha, hawakuigusa. Mbele ya toni ya nne inakuwa bú, hivyo sinunui ni bù mǎi na siuzi ni bú mài. Wao wameweka bù pote pawili.

Lakini mifano, jamani, mifano ni mizuri. Hawakurundika rangi zote pamoja na mavazi yote pamoja. Wamefuata tukio la kununua nguo tangu kuuliza hadi kupatana. Zhè jiàn duōshao qián, hii bei gani, na jiàn, neno la kuhesabia nguo, limo ndani ya sentensi badala ya kutupwa kwenye kiambatisho. Kisha tài guì le, ghali mno, na piányi yìdiǎnr, punguza kidogo. (Alama nimezirudisha mimi.) Yupo mtu pale anayeijua kazi, na naamini siye aliyenijibu.

Hata hivyo mtu huyohuyo ameweka mǎi na mài mistari miwili inayofuatana, na maneno yanayofanana sauti na maana yakijifunzwa siku moja hushikana. Mǎi ingetangulia ndani ya wǒ yào mǎi zhè jiàn, nataka kununua hii. Mài ingekuja baadaye kabisa, ndani ya zěnme mài, swali la kawaida la bei sokoni, hasa kwa vitu vya kupima kama matunda.

Nilikuwa nimewapa nyota tatu. Nikilikumbuka lile neno mapambo nashusha hadi moja. Haya, mbili, kwa ajili ya mifano. Mada ya usafiri nitawaagizia wao tena, ila safari hii faili liwe na herufi za Kichina kando ya pinyin: usimbaji ukiharibika, hizo zote hugeuka alama za kuuliza, na hakuna atakayeniambia ni mapambo.