Programu za kuokoa picha kwenye kadi inayotaka kufomatiwa: nunua ile inayonakili kadi kwanza

Mwaka jana nilipiga picha za harusi Tanga kwa kamera ya Canon yenye kadi ya GB 64. Usiku nilipoichomeka kwenye kompyuta, Windows ilileta ujumbe huu: "You need to format the disk in drive E: before you can use it." Nilibonyeza Cancel, na hapo sikukosea. Kosa nililifanya dakika chache baadaye, nilipolipia programu ya kwanza iliyojitokeza mtandaoni bila kuuliza inafanyaje kazi. Ilianza kupekua kadi yenyewe moja kwa moja, ikakwama ilipofika asilimia 40, nikaianzisha upya, ikakwama tena. Mara ya tatu kadi ilikuwa ya moto nilipoichomoa, na tangu hapo hakuna kompyuta iliyoitambua. Picha za nikahi zilikwenda na kadi hiyo.

Ujumbe ule kwa kawaida hauna maana kwamba picha zimefutika. Mara nyingi kilichoharibika ni sehemu ndogo ya kadi inayohifadhi orodha ya mafaili na mahali yalipo, huku picha zenyewe zikiwa bado zimelala pale pale. Hata hivyo, ikiwa orodha imeharibika kwa sababu kadi inachakaa, kila upekuzi unaiongezea kazi. Ndiyo maana sijali programu ina sura nzuri kiasi gani au inatambua aina ngapi za mafaili. Ninauliza jambo moja tu: je, inaweza kusoma kadi yote mara moja, ikatengeneza nakala kamili kwenye diski ya kompyuta, kisha ikapekua nakala hiyo wakati kadi imeshawekwa pembeni?

Nafasi ya kwanza ninaipa DMDE, na sifichi kwamba ninaipendelea. Kwanza sukuma kitufe cha kufuli kilichoko ubavuni mwa kadi, ili kompyuta isiandike chochote juu yake. Kisha fungua programu, chagua kadi nzima na si herufi ya E: peke yake, halafu tumia Create Image/Clone na uhifadhi faili la nakala kwenye diski yenye nafasi inayotosha. Kwa kisoma kadi kinachosoma MB 40 kwa sekunde, kadi ya GB 64 huchukua kama dakika 27. Baada ya hapo unafungua faili lile la nakala na kuanzisha Full Scan. Mabaki ya orodha yakipatikana, utaiona folda ya DCIM, ndani yake 100CANON, na picha zikiwa na majina yake ya awali, kama IMG_0412.JPG. Toleo lake la bure linaokoa hadi mafaili 4,000 ya folda moja kwa kila safari, kwa hiyo mpiga picha mwenye kadi moja anaweza asihitaji kulipa kabisa.

PhotoRec ya Christophe Grenier ni ya pili. Ni ya bure na haina kikomo, lakini haiangalii orodha: inatafuta alama za mwanzo wa kila picha, kwa hiyo majina yote hupotea na unapata mamia ya mafaili kama f0123456.jpg ndani ya recup_dir.1. Tarehe ya kupiga hubaki ndani ya picha. Video iliyohifadhiwa vipande vipande mara nyingi hutoka ikiwa mbovu. Yenyewe haikutengenezei nakala ya kadi kabla ya kuanza, lakini ukiwa na nakala tayari, ielekeze huko:

```
photorec_win kadi.img
```

Recuva ni rahisi kutumia, lakini inafaa zaidi kwa picha zilizofutwa kwenye kadi ambayo bado inafunguka.

Wauzaji wa programu za bei kubwa ndio walioniumiza. Wanakuonyesha vijipicha vilivyo safi, wanakulipisha, kisha unafungua picha kubwa na kukuta nusu ya chini ni kijivu kitupu, kwa sababu kijipicha kimehifadhiwa mwanzoni mwa faili na hakithibitishi kwamba faili lote lipo. Kabla ya kutoa hela, dai kuifungua angalau picha moja kwa ukubwa wake wote. Angalia pia kama malipo ni ya mara moja au yanajirudia kila mwezi. Mimi nilikatwa mara mbili kabla sijagundua.

Kuna hali mbili ambazo programu haikusaidii. Ikiwa Disk Management ya Windows haionyeshi ukubwa wowote wa kadi, inasema No Media tu, tatizo ni la kifaa chenyewe, na fundi mwenye vifaa vya kusoma chipu ndiye wa kutafutwa. Pili ni kadi feki: imeandikwa GB 256 ilhali ndani ina GB 8, na picha zilizozidi hapo hazikuwahi kuhifadhiwa. Muuzaji wa kadi kama hiyo hukuambia kwamba kamera yako ndiyo mbovu.