Kahawa ya mgahawani yenye sukari kidogo: kipi uagize, kipi uache

Jamaa yangu anayefanya kazi Mtumba aliacha kuweka sukari kwenye chai tangu Januari, na hachoki kututangazia. Lakini jioni akirudi mjini Dodoma hupitia mgahawani kununua late ya karameli, kikombe kikubwa. Siku moja nilikuwa naye, nikamuuliza binti wa kaunta: "Dada, humo unaweka pampu ngapi?" Akasema, "Kikubwa ni nne, kaka."

Hizo pampu ni za sirapu, ambayo si kingine ila shira yenye ladha, ndugu yake ile ya kaimati. Pampu nyingi hutoa kama mililita 10, na ndani yake mna sukari gramu 6 hadi 8. Tukichukua 7, pampu nne ni gramu 28, yaani vijiko saba vya chai vya sukari, kijiko kimoja kikiwa gramu 4. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikibaki chini ya 25 ni bora zaidi. Jamaa yangu alikuwa anaivuka hiyo 25 kwa kikombe kimoja, bila kugusa bakuli la sukari.

Kwa hiyo kabla ya kusoma majina kwenye ubao, uliza idadi ya pampu. Kama barista anamimina kutoka kwenye chupa kwa kukadiria macho, mwombe apime kwa kijiko.

Kwangu mimi namba moja ni kahawa chungu, iwe ya birika la mtaani au amerikano ya mashine. Sukari yake ni ile utakayoweka mwenyewe. (Kashata ya pembeni ihesabu kivyake.)

Namba mbili ni kapuchino ndogo, ya mililita 240 hivi, bila sirapu. Hapa watu huuliza: je, maziwa hayana sukari? Yanayo, kama gramu 5 kwa kila mililita 100, lakini ni laktosi, sukari ya asili ya maziwa, na haimo kwenye ile hesabu ya gramu 25. Kuchagua maziwa yaliyotolewa mafuta hakupunguzi sukari hata chembe. Kinachopungua ni mafuta. Kinachosaidia ni jinsi maziwa yanavyopashwa. Yakifika nyuzi 60 hadi 65 utamu wake wa asili husikika vizuri. Yakipita 70 huanza kuwa na ladha ya maziwa yaliyopikwa, na hapo ndipo mteja anapoanza kutafuta sukari. Kapuchino ikikuunguza ulimi, ujue yamepitiliza.

Maziwa ya mimea yasomwe kwenye pakiti. Ya soya au lozi yasiyoongezwa sukari huwa na sukari kidogo sana, ila yapo yaliyotiwa sukari na pakiti zake zinafanana. Ya shayiri ni mtego: wanga wake huvunjwa kiwandani ukawa sukari ya moltosi, hivyo pakiti inaweza kusema haikuongezwa sukari na bado maziwa yakawa matamu.

Namba tatu ni late ndogo yenye pampu moja. Hiyo ni gramu 7, na ladha ya vanila unaipata. Usidanganyike na tofauti ndogo ya bei ukachukua kikubwa. Migahawa mingi huweka espreso ileile kwenye kikombe cha kati na kikubwa. Kinachoongezeka ni maziwa na sirapu. Kahawa inazidi kuwa nyepesi, nayo sirapu inaongezwa kuficha wepesi huo.

Chini kabisa naweka moka na vile vinywaji vya kusagwa na barafu, ingawa Oktoba jua la Dodoma likiwaka ndivyo vinavyoita. Baridi hupunguza utamu unaosikika ulimini, kwa hiyo watengenezaji huzidisha sukari. Tena vingi huanza na poda iliyokwisha changanywa na sukari, na hiyo huwezi kuiondoa. Uliza: "Ukiacha sirapu, bado kina sukari?" Akikuambia imo kwenye poda, agiza espreso yenye barafu na maziwa baridi. Chai ya viungo ya poda nayo iulizwe hivyohivyo.

Jamaa yangu sasa huagiza late ndogo, pampu moja. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba ni maji. Kisha akagundua kwamba hapo kaunta sirapu hutozwa pembeni, na kwamba miezi yote ile alikuwa akiilipia.