Majaribio ya mekapu ya harusi, Mwanga, Kigoma: niliyoyakagua

Kama unatafuta mpambaji Kigoma, angalia kwanza kama atakutoa nje kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuchagua fandesheni. Dada aliyenipamba mimi alinitoa, na ndiyo maana nampa alama za juu. Balbu za saluni zinaficha mengi.

Nilifika na uso uliooshwa tu. Alikuwa amenionya mapema nisijaribu skrabu wala krimu mpya wiki ile. Alinipaka losheni nyepesi, akasubiri kama dakika kumi, kisha akanigusa shavu kwa mgongo wa kidole. Ngozi ikinata bado, praima haipakwi, maana fandesheni itakayofuata itajikunja vipande vidogo kama uchafu wa kifutio.

Kwenye rangi hakuharakisha. Alichora mistari mitatu ya fandesheni kutoka shavuni, ikapita taya hadi shingoni. Uso wangu ni mweupe kuliko shingo na kifua, na gauni langu lina shingo pana, kwa hiyo tulifuata shingo. Kisha tukakaa robo saa, kwa sababu fandesheni nyingi hukolea zikikauka. Mstari uliokuwa umenivutia mwanzoni ukageuka mwekundu. Ule wa kwanza ulikuwa na weupe uliozidi, ukaacha rangi ya majivu. Wa kati, wenye unjano kidogo, ukapotelea kwenye ngozi. Huo ndio tuliouchukua.

Sikunawa mpaka usiku. Nilipanda bajaji kwenda Ujiji juani, nikala migebuka kwa mawese, nikapigwa picha kwa flashi giza lilipoingia. Alasiri paji na pua viling'aa. Kwa maelekezo yake nilikandamiza tishu kwanza, ndipo nikagusia poda kidogo. Poda juu ya jasho hufanya mabaka. Maskara isiyopitisha maji haikusogea. Lipstiki ya maji iliyokauka ilitoka katikati ya midomo, kwani mafuta huiyeyusha hata ile inayohimili maji. Siku ya harusi, ukumbini, nitahitaji kuipaka upya baada ya chakula.

Picha ndizo zilizofichua kasoro kubwa: chini ya macho palikuwa peupe kabisa, ingawa kwenye kioo sikuona kitu. Ni ile poda nyeupe laini ya kumalizia, inarudisha mwanga wa flashi. Nilimtumia picha, akakubali kubadilisha na poda yenye rangi ya ngozi, na konsila aipunguze maana ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo.

Kitu kimoja sikukipenda. Gundi ya kope hakuijaribu mpaka nilipomwomba. Mwambie akupake tone ndani ya mkono, ukae nalo hadi kesho yake. Ukiwashwa, usikubali iguse macho. Na kabla hujatoa malipo ya awali, mwombe aandike jina na namba ya kila alichokupaka, fandesheni hasa.