Mtandao Ukikatika: Hifadhidata Ikatae au Ijibu?

Tuchukue hifadhidata yenye nakala kwenye seva tatu, A, B na C, inayoonyesha kuwa imebaki tiketi moja. Kiungo kinakatika na C inatengwa na wenzake, ingawa wateja wake bado wanaifikia. Nadharia ya CAP, iliyothibitishwa na Gilbert na Lynch mwaka 2002, inasema kwamba hapo C italazimika kuachilia ama uthabiti wa data, yaani nakala zote kukubaliana, ama upatikanaji wa huduma, yaani kila ombi kujibiwa.

Ikishika uthabiti, C inakataa kuuza kwa kuwa haipati kura za seva mbili kati ya tatu, huku A na B zikiendelea. Tiketi haiuzwi mara mbili, na kiungo kikirudi C inanakili tu yaliyoipita. Gharama yake ni wateja wa C kusubiri hadi wapate ujumbe wa kosa.

Ikishika upatikanaji, kila mteja anajibiwa, lakini A na C zinaweza kuuza tiketi ileile. Kazi ngumu huja baadaye: kanuni ya kuchukua andiko la mwisho hufuta mauzo mamoja kimyakimya, tena kwa kutegemea saa za seva ambazo hazilingani kikamilifu. Kwa maoni yangu, hasara hii ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haionekani kwenye kumbukumbu za makosa.

Kwa salio la fedha ningechagua kukataa. Kwa kikapu cha ununuzi, ambacho nakala zake mbili zinaweza kujumlishwa, ningechagua kujibu. Hifadhidata ya Cassandra huruhusu uchaguzi huo kwa kila ombi, kupitia `QUORUM`, inayodai majibu ya nakala zilizo wengi, au `ONE`, inayotosheka na nakala moja.