Obsidian kwa Mwanafunzi wa Chuo: Uzoefu Wangu wa Kuunganisha Madokezo, Sauti na Vitabu kwenye Simu

Nasoma sayansi ya bahari hapa Mombasa, na kazi zangu zote za masomo zimo kwenye simu ya Android. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikitumia Obsidian, programu ya kuandika madokezo isiyolipiwa kwa matumizi ya kawaida, na sababu kubwa ya kuipendelea ni kwamba inaniwezesha kuirudia sehemu moja tu ya mhadhara uliorekodiwa bila kuusikiliza wote upya.

Obsidian huhifadhi kila dokezo kama faili ya maandishi matupu yenye mwisho wa `.md`, ndani ya folda ya kawaida ya simu. Wakati wa kuanza, ni muhimu folda hiyo iwekwe kwenye hifadhi ya simu yenyewe, kwa mfano ndani ya `Documents`, kwa kuwa madokezo yaliyowekwa kwenye hifadhi ya ndani ya programu hupotea programu ikiondolewa.

Sirekodi kwa Obsidian, bali kwa kinasa sauti kilichokuja na simu, kisha naihamishia faili kwenye folda na kuibadilisha jina. Faili ya `m4a` ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 29 kwa saa, na sauti ya mhadhiri husikika vizuri kabisa, ilhali `wav` ya kawaida ya mkondo mmoja huchukua zaidi ya megabaiti 300 kwa saa hiyo hiyo. Wenye simu zinazorekodi kwa `amr` wabadilishe mpangilio huo mapema, kwani Obsidian haiichezi. Kabla ya yote humwomba mhadhiri ruhusa, na simu huiweka juu ya leso iliyokunjwa ili mtikisiko wa meza usiingie kwenye sauti, kwa maana kelele za pangaboi pekee zinatosha.

Jina la faili huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili orodha ijipange yenyewe kwa tarehe. Makala zinazotumwa kwenye kikundi cha darasa cha WhatsApp mara nyingi hufika na majina kama `DOC-20250211-WA0007.pdf`, ambayo hayamwambii mtu chochote, kwa hiyo nazipa majina mapya siku ile ile. Dokezo la mhadhara wa mikoko, kwa mfano, linaonekana hivi:

```
![[2025-02-11 Mikoko.m4a]]
[[Mikoko makala.pdf#page=14]]

2:05 mwanzo
2:12 mkoko: mizizi ya kuegemea
2:28 mchu: mizizi ya hewa, matope hayana oksijeni
```

Saa zilizo pembeni ni za ukutani, kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Kwa kuwa kurekodi kulianza saa mbili na dakika tano, maelezo ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, yako kwenye dakika ya 23 ya sauti. Nikitafuta neno "mchu" wiki kadhaa baadaye, dokezo hutokea mara moja, naisogeza sauti hadi dakika ya 22, kidogo kabla ya pale, na mwalimu anaeleza tena kwa nini mizizi ile huchomoza juu ya tope la hori ya Tudor hapa Mombasa ili ipate hewa. Kiungo cha pili hufungua ukurasa wa 14 wa makala penye mchoro wenyewe. Kazi hii naifanya hata nikiwa kwenye feri ya Likoni, kwa maana haihitaji bando.

Hesabu hiyo ya kutoa saa huharibika kurekodi kukikatika katikati. Dalili yake ni kwamba urefu wa faili unakuwa mfupi kuliko kipindi chenyewe, na kila alama iliyo baada ya mkatiko inaelekeza mbele ya mahali panapostahili. Simu inayopigwa huweza kusimamisha kinasa sauti, na ndiyo maana mimi huwasha hali ya ndege kabla ya kuanza.

Upungufu ulio mzito zaidi ni kwamba utafutaji wa Obsidian husoma madokezo tu. Hausomi yaliyomo ndani ya PDF wala sauti. Ukiandika mistari michache, au ukiacha kuandika jina la jambo lenyewe, faili itakuwepo lakini hutaiona kwa kutafuta. Kwangu mimi mistari sita hadi kumi kwa saa inatosha, mradi kila mmoja uwe na istilahi ambayo mtihani unaweza kuiuliza.

Kuoanisha simu na kompyuta kupitia huduma ya Obsidian yenyewe kunalipiwa. Mimi hubana folda nzima kuwa `zip` kila Ijumaa, naipakia kwenye Drive kwa waifai ya chuo, kisha naipakua tena na kufungua sauti moja iliyomo ndani, kwani faili iliyoharibika huenda isitambulike mpaka ifunguliwe.